Usinunue oili ya gia boksi kwa jina la gari

Mimi naona watu wengi hapa Kampala wanaogopa kitabu cha Kijapani kuliko inavyostahili. Gari linatoka bondi, unafungua droo ya mbele unakuta kitabu kinene kimejaa herufi za Kijapani, unakirudisha humo humo na hukigusi tena, alafu siku ya sevisi unaenda kuuliza dukani "nipe oili ya Wish." Muuzaji naye anauliza ni 1800 au 2000, unajibu 1800, basi anakupa dumu. Hapo ndo gia boksi nyingi zinapoanza kufa, na inaniuma kwa sababu hasara hii inazuilika kabisa.

Chukua hiyo Toyota Wish yenyewe. Ile ya kwanza iliyoanza 2003, ya 1800, chesisi yake inaanza na ZNE10 na ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne. Wish iliyofuata kuanzia 2009 nayo ipo ya 1800, chesisi ZGE20, lakini hiyo ni CVT, ndani yake hakuna gia nne wala tano, kuna mkanda wa chuma unaozungushwa na kubanwa na puli mbili. Jina moja, saizi ya injini moja, vimiminiko viwili ambavyo haviwezi kukaa mahali pa mwenzake. Sasa "oili ya Wish 1800" ni ipi hapo?

Jirani yangu wa Ntinda ana hiyo ZGE20, na ni mtu makini, hakutaka kubahatisha. Alitafuta kitabu cha Kiingereza mtandaoni. Wish haikuuzwa Marekani wala Ulaya, kwa hiyo akachukua kitabu cha Corolla ya Marekani ya 2009, kwa sababu mtu alimwambia injini ni ndugu, zote ni familia ya 2ZR. Kwenye injini hakudanganywa. Lakini Corolla ile ya Marekani ilikuja na otomatiki ya gia nne na kitabu chake kinasema wazi ATF WS, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, akaenda gereji na dumu lake la WS, fundi akamwambia "hamna shida bosi, hii ni orijino kabisa." Ilikuwa orijino kweli, ila si ya gari lake.

Baada ya siku chache gari likaanza kutetemeka likitoka kwenye taa, na akipanda kilima cha kwenda Naguru mshale wa mizunguko unapanda lakini spidi haiongezeki, pamoja na mlio mwembamba kama wa filimbi. Hizo ni dalili za mkanda unaoteleza. ATF imetengenezwa kwa ajili ya klachi zenye karatasi, inatakiwa zishikane taratibu bila kushtua, kwa hiyo imewekewa viungo vya kulainisha mshiko. Mkanda wa CVT ni chuma kwa chuma, unataka kimiminiko ambacho kikibanwa pale katikati kinasaidia chuma kushika chuma. Ukiweka ATF mkanda unateleza, ukiteleza unakwaruza puli, na puli ikishakwaruzwa oili mpya haitaondoa hiyo mikwaruzo hata umwage mara ngapi.

Bahati yake aliwahi. Na kumwaga mara moja hakutoshi, manake ukifungua nati ya chini kinachotoka ni sehemu tu, kingine kinabaki ndani ya tokobeta na kwenye njia zake. Walimwaga, wakajaza CVTF sahihi, yaani oili ya CVT, akaendesha kidogo, wakamwaga tena, na wakarudia. Ile ya kwanza waliangalia kwenye beseni kama kuna chembe za chuma zinazong'aa, hazikuwepo za kutisha, na mtetemeko ukaisha.

Sasa jibu lilikuwa wapi muda wote? Kwenye kile kitabu alichokirudisha kwenye droo. Huhitaji kujua Kijapani kukisoma kwa jambo hili, kwa sababu Wajapani wenyewe majina ya vimiminiko na vipimo wanaviandika kwa herufi na tarakimu zetu hizi. Nenda kurasa za mwishoni, tafuta majedwali. Ukiona 0W-20 au 5W-30 hapo ni injini, na karibu yake utaona namba mbili za lita zinazokaribiana, kwa mfano ZGE20 ya 1800 ni 3.9 na 4.2, ndogo ni ukibadilisha oili peke yake na kubwa ni pamoja na filta. Shuka chini utafute CVTF au ATF. Kwenye CVT za Toyota za zamani utakutana na TC, za baadae FE, na wewe nunua ile iliyochapishwa kwako, sio ya rafiki yako.

Kama kitabu kimepotea, fungua boneti utafute kibati cha gari. Kuna mstari umeandikwa MODEL, hapo ndo utaona ZGE20 au ZNE10, na mwingine TRANS/AXLE. Kwenye Toyota hizi ndogo kodi inayoanza na K, mfano K311, ni CVT, na U341E ni ile otomatiki ya gia nne. Ukishakuwa na kodi ya modeli unaweza kupata kitabu chake hasa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, cha Kijapani ndio, lakini umeshajua unatafuta nini. Na gari ikiwa na dipstiki ya gia boksi, ivute usome kwenye shingo yake, mara nyingi jina la kimiminiko limegongwa pale pale. Vile vifaa vya kusoma VIN ya tarakimu 17 usihangaike navyo, gari la soko la Japani lina namba fupi ya chesisi tu.

Kuna hoja moja naisikia kila gereji, ati vipimo vya Kijapani ni vya nchi ya baridi, huku weka oili nzito ya injini, 20W-50. Banange, Tokyo mwezi wa nane kuna joto kuliko Kampala! Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mchana wetu ni nyuzi 27 au 28, wao kiangazi wanapita 30 kirahisi. Kama injini ni nzima, sioni sababu ya kuikimbia namba iliyo kwenye kitabu.

Breki ni rahisi, soma kifuniko. Ukikuta BF-3 hilo ni daraja la Kijapani linalolingana na DOT 3.

Kuhusu yale madumu ya "gari zote", mimi nageuza nyuma nisome orodha ndogo. Kama jina la kimiminiko changu halijaandikwa pale, CVTF FE kwa mfano, nalirudisha kwenye shelfu hata muuzaji aape vipi. Na rangi haisemi kitu, dumu la ATF na la CVTF yanaweza kuwa mekundu yote mawili. Ukishapata sahihi, pima kilichotoka kwenye beseni, rudisha kiasi kile kile gari likiwa kwenye tambarare, alafu kiwango kihakikiwe injini ikiwa inanguruma na gia boksi imepata joto lake, kwa dipstiki kama ipo, au kwa nati ya kumwagika ya chini kama haina.