Historia nzuri ya mkopo ina thamani ya shilingi ngapi?

"Nimemaliza mikopo mitatu hapa Busia bila kuchelewa hata siku moja. Mbona huu wa nne wananitoza asilimia 22, sawasawa na mtu anayekopa kwa mara ya kwanza?" (Muuza mitumba, Busia, Uganda)

Dada huyu ana haki ya kuuliza. Tushike kalamu tuone pesa zake zinakwenda wapi. Mkopo ni shilingi 5,000,000 kwa miezi 12, na riba inahesabiwa kwa salio linalopungua. Kila mwezi atarejesha kama 468,000, na hadi mwisho atakuwa amelipa riba ya kama 616,000.

Ndani ya asilimia 22 kuna vipande vinne. Nitaweka tarakimu za mfano ili hesabu ionekane. Kipande cha kwanza ni gharama ya fedha zenyewe, tuseme 11: benki inawalipa wenye amana, na kama haikukukopesha wewe ingeweza kununua hatifungani za serikali na kulala usingizi. Cha pili ni gharama za kazi, tuseme 6: mshahara wa afisa mikopo, pikipiki yake, kodi ya tawi. Cha nne ni faida, 2. Nimeruka cha tatu makusudi, kwa sababu hapo ndipo historia ya mkopaji inapoingia.

Kipande hicho ni hasara inayotarajiwa. Benki haijui nani hatalipa, ila inajua kwamba kati ya wakopaji 100 wanaofanana, tuseme 5 watashindwa. Kwa kila anayeshindwa, kuuza dhamana kutarudisha sehemu tu ya deni. Ikiwa benki inapoteza 60 katika kila 100 walizoshindwa kulipa, hasara ni 5 mara asilimia 60, yaani 3 kwa kila 100 zilizokopeshwa. Basi 11, 6, 3 na 2 zinafika 22.

Sasa tumpe dada yetu haki yake. Mikopo mitatu iliyolipwa vizuri inamweka kwenye kundi ambalo wanaoshindwa ni 2 kwa 100, si 5. Hasara inashuka kutoka 3 hadi 1.2, na riba ya haki inakuwa 20.2. Marejesho yanashuka hadi kama 464,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ataokoa shilingi 52,000 hivi.

Ndiyo, 52,000 tu. Hapa ndipo upande wa benki una nguvu: katika mikopo midogo, hatari ya mtu mmoja si kipande kikubwa cha bei. Afisa anayetembelea duka la mkopaji wa milioni 5 anatumia karibu muda uleule anaoutumia kwa mkopaji wa milioni 50, lakini gharama hiyo inagawanywa kwenye mkopo mdogo mara kumi. Benki ina hoja nyingine pia, na naiheshimu. Historia inaonyesha nia ya kulipa kuliko uwezo wa kulipa. Mwaka 2020 mipaka na masoko yalipobanwa kwa sababu ya korona, wafanyabiashara waaminifu kabisa walikwama, hadi Benki Kuu ya Uganda ikaruhusu mikopo ipangwe upya. Rekodi safi ya miaka mitatu haikumzuia mteja asikose wanunuzi.

Lakini hoja hiyo ikiachwa peke yake inaficha jambo. Kama gharama ya kazi ndiyo nzito, basi mteja wa mkopo wa nne ameipunguza hiyo pia. Anajulikana. Duka lake limeshaonekana, jinsi fedha zinavyopita kwenye akaunti yake iko kwenye kompyuta, na kiwanja alichoweka dhamana kilishathaminiwa. Hata hivyo mara nyingi anatozwa upya ada ya kushughulikia mkopo. Ikiwa ada ni asilimia 2, hizo ni 100,000, karibu mara mbili ya 52,000 tulizopigania hapo juu. Akiambiwa alipe tena mthamini wa ardhi, pengo linazidi. Kwa maoni yangu, dhuluma iko kwenye ada kuliko kwenye riba, na hapo ndipo angeanza kubishana.

Kuna sababu nyingine inayofanya bei isishuke: nani mwingine anaijua historia yake? Ofisi ya kwanza ya taarifa za mikopo, ile watu wanayoiita CRB, ilianza kazi Uganda mwaka 2008 chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Kabla ya hapo, sifa ya mkopaji ilikaa kwenye droo ya benki yake. Benki ikijua peke yake kwamba wewe ni mlipaji mzuri, haina haja ya kukupunguzia, maana jirani yake atakuona mgeni na kukutoza bei ya mgeni. Rekodi ikisomeka kwa wengine, jirani anaweza kutaja 20 na benki yako italazimika kufikiri.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya sifa za watu wa kawaida haimo humo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalifungua mlango kwa wakopeshaji wengine walioidhinishwa kupeleka na kusoma taarifa, lakini mama aliyelipa kikundi chake cha kuweka na kukopa kwa miaka kumi bado anaweza kuonekana mtupu benki. Na kwa wengi, kazi ya CRB wanayoiona ni ya bawabu: ukiwa na doa mlango unafungwa, ukiwa safi unaingia kwa bei ya wote. Mikopo ya simu ilitupa picha hiyo waziwazi. MoKash ilipoanza mwaka 2016, ada ilikuwa asilimia 9 kwa siku 30 kwa kila mtu. Mlipaji mzuri aliongezewa kiwango cha kukopa, bei haikushuka.

Wapo wanaosema serikali ingeweka tu kikomo cha riba. Tunaokaa Busia tuliona jaribio hilo ng'ambo ya mpaka. Kenya iliweka kikomo mwaka 2016 na kukiondoa 2019, kwa sababu benki ziliwakwepa wakopaji wadogo wenye hatari na kupeleka fedha serikalini. Uganda nayo iliwawekea wakopeshaji binafsi kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi mwaka 2024. Hicho nakiunga mkono kwa sababu kinazuia unyang'anyi, lakini hakimtofautishi mlipaji mzuri na mbaya. Na inategemea hesabu: 2.8 ikipigwa kila mwezi kwa milioni 5 nzima bila kuangalia salio linavyopungua, riba ya mwaka ni 1,680,000.

Kwa hiyo dada, kabla ya kusaini, omba ripoti yako ya CRB na uhakikishe mikopo yote mitatu imeandikwa kuwa imelipwa, kwani mkopo uliokwisha ukiachwa wazi unaonekana kama deni na una haki ya kutaka urekebishwe. Ipeleke kwenye benki ya pili, uombe bei kwa maandishi: riba, ada zote, na jumla ya marejesho. Kisha rudi kwa afisa wako. Usianze na asilimia 22. Anza na ada ya 100,000 na malipo ya mthamini, halafu umwulize kama bado wanahitaji hati ya kiwanja chote kwa mkopo wa milioni 5 baada ya mitatu uliyomaliza.