Pensheni ya marehemu na wajane watatu: tuhesabu nyumba au tuhesabu vichwa?

Tuseme mfanyakazi wa Kenya amefariki, akaacha wajane watatu na pensheni ya wategemezi ya shilingi 39,000 kwa mwezi. Mke wa kwanza ana miaka 58, na watoto wake watano wote ni watu wazima wanaojitegemea. Wa pili ana watoto wawili, mmoja yuko sekondari na mwingine shule ya msingi. Wa tatu ana miaka 31 na watoto watatu, mdogo wao bado ananyonya. Familia hii nimeibuni ili tupate hesabu, lakini atakayeipeleka kwenye baraza lolote la wazee hataambiwa kuwa ni ya ajabu.

Njia ambayo wengi huiona ya haki mara moja ni kugawa kwa wake: 13,000 kwa kila mmoja. Kuna uzito ndani yake. Mume aliyeoa wake wengi aliahidi kuwaweka sawa, na bi mkubwa ndiye aliyevumilia miaka ya mshahara mdogo, makato ya pensheni yakikatwa fedha za chakula cha watoto wake. Kumwambia leo kwamba stahili yake inapungua kwa sababu mumewe aliendelea kuoa na kuzaa ni kumtoza gharama ya uamuzi ambao huenda hakuulizwa. Hata hivyo, 13,000 hizo zikifika nyumbani, kwa bi mkubwa ni za mtu mmoja, na kwa mke wa tatu ni za watu wanne. Mtoto anayenyonya anapata robo ya kile anachopata mama yake mkubwa, ingawa wote wawili walimtegemea mtu yule yule.

Ndipo watu hukimbilia Sheria ya Urithi ya Kenya. Kifungu cha 40 kinasema kwamba mtu aliyeoa wake wengi akifa bila wosia, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kama kichwa kimoja. Tukiutumia mpango huo kama ulivyo, nyumba ya kwanza ina vichwa 6, ya pili 3 na ya tatu 4. Jumla ni 13, kila kichwa shilingi 3,000. Nyumba ya kwanza inachukua 18,000, ya pili 9,000, ya tatu 12,000. Yaani nyumba isiyo na mtoto hata mmoja wa kulisha ndiyo inayobeba fungu kubwa kuliko zote.

Kosa hapa si la sheria, ni la kuipeleka mahali pasipo pake. Kifungu cha 40 kinagawa mali ya urithi, na katika urithi mtoto ni mtoto hata akiwa na miaka 50. Mafao ya mpango wa kustaafu ni kitu kingine. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema mafao ya mwanachama aliyefariki hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi yake. Wadhamini wa mpango huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango wenyewe. Jambo hili huwashangaza sana wajane wanaofika ofisini na hati ya usimamizi wa mirathi wakidhani wamemaliza kazi. Kwa Waislamu mkanganyiko unafanana na huo: thumni ambayo wajane hugawana pale marehemu alipoacha watoto ni fungu la urithi, haijibu yenyewe swali la nani alikuwa anamtegemea marehemu kwa chakula na karo.

Hata ndani ya urithi, mahakama zimeona kwamba usawa wa vichwa una mipaka. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005, mjadala ulihusu nyumba mbili, moja yenye wavulana na wasichana, nyingine yenye wasichana watupu. Inakumbukwa zaidi kwa kukataa mabinti wapunjwe. Lakini jaji mmoja aliongeza neno ambalo kwangu ndilo linalogusa pensheni: kumlazimisha hakimu agawe sawa kwa sawa kunaweza kumdhulumu mtoto mchanga ambaye bado anapaswa kulelewa na kusomeshwa, akiwekwa kwenye mizani moja na ndugu aliyekwisha kusomeshwa.

Basi tuhesabu wategemezi tu. Mke wa kwanza anabaki peke yake, nyumba ya pili ina watu 3, ya tatu 4. Kila mmoja anapata 4,875. Bi mkubwa ameshuka kutoka 13,000 hadi chini ya 5,000, katika umri ambao hakuna atakayemwajiri. Watetezi wa njia hii humjibu kwamba ana watoto wazima wa kumsaidia. Sikubaliani nao. Kujitegemea kwa mtoto hakumpi mama yake haki yoyote anayoweza kuidai mwisho wa mwezi.

Mimi naegemea mafungu mawili: nusu ya wajane, nusu ya watoto wanaotegemea. Wajane wanagawana 19,500, kila mmoja 6,500. Watoto watano wanagawana 19,500 nyingine, kila mmoja 3,900. Nyumba ya kwanza inapata 6,500, ya pili 14,300, ya tatu 18,200. Wake wamewekwa sawa kama wake, na watoto sawa kama watoto, bila kujali wamezaliwa na nani. Mke wa tatu hapati zaidi kwa kuwa kijana. Fedha za ziada zinazopita mkononi mwake ni za watoto wake.

Ugumu wa njia hii unajitokeza baadaye, na ndio ambao wadhamini wengi hawauandiki mapema. Ardhi ikigawanywa imegawanywa. Pensheni hugawanywa upya kila mtoto anapokua. Mkubwa wa nyumba ya pili akivuka umri wa kulipwa, 3,900 zake ziende wapi? Zikibaki kwa mama yake, tumerudi kugawa kwa nyumba. Zikirudi kwa watoto waliobaki, siku moja yule wa mwisho atalipwa 19,500 peke yake, na mama zake watatu wakibaki na 6,500 kila mmoja. Naona afadhali fungu la kila mtoto liwe na kikomo cha pale lilipoanzia, na kinachoachwa kihamie kwa wajane kwa usawa. Hapo 3,900 zinaongeza 1,300 kwa kila mjane, na bi mkubwa anapanda taratibu kadiri anavyozeeka.

Yote haya yanaweza kukwamishwa na karatasi moja: fomu ya kuteua wanufaika, iliyojazwa miaka 25 iliyopita ikiwa na jina la mke wa kwanza tu. Afrika Kusini walilishughulikia hilo kwa kifungu cha 37C cha Sheria ya Mifuko ya Pensheni: wadhamini wanatakiwa wawatafute wategemezi wote, na fomu huwaongoza bila kuwafunga. Inachelewesha malipo, na mjane mwenye njaa ana haki ya kulalamika. Lakini fomu ya zamani inayoheshimiwa neno kwa neno humwacha nje mtoto ambaye hakuwa amezaliwa ilipotiwa saini.

Kwa familia kama hii, mjane asiyekuwemo kwenye fomu asisubiri mirathi iishe. Awaandikie wadhamini mapema, akiambatisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa ndoa na barua ya chifu inayotaja nyumba zote, aombe pia nakala ya kanuni za mpango. Wakikataa, malalamiko huenda kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, kisha kwenye baraza la rufaa la mafao hayo. Barua ya chifu iliyoruka nyumba moja irekebishwe kabla ya malipo ya kwanza kutoka, kwa sababu fedha iliyokwisha kulipwa kwa mke mwenza ni vigumu kuidai irudi.