Mashine ya kusaga ya milioni 110? Tupige hesabu kwanza

Binamu yangu kaletewa karatasi ya eksel na jamaa anayeuza mashine ya kusaga na kukoboa, kwa chini imeandikwa thamani milioni 110, akaniuliza kama ndio bei kweli. Mashine inaingiza milioni 10 kwa mwaka ukishatoa umeme, kodi ya fremu na vijana wa kazi.

Wazo la hesabu hii ni rahisi tu, biashara ina thamani ya hela zote itakazokupa mbeleni, ila hela ya mbeleni lazima uikate kwanza, na unaikata kwa kiasi gani ndio swali. Mimi naangalia hiyo hela ingekaa wapi kwingine. Tuseme hatifungani ya serikali inakupa 12% na wewe umelala, mashine ina umeme wa kukatika na siku yoyote mtu anaweza kufungua nyingine mtaa wa pili, sasa kwa nini uridhike na 15%? Mimi nataka 20%. Maana yake milioni 10 ya mwakani leo naihesabu milioni 8.3, kwa sababu 8.3 ikizaa 20% inafika 10, na milioni 10 ya mwaka wa tano inabaki kama milioni 4.

Huyo muuzaji kaweka 15%. Hapo miaka mitano ya kwanza inatoa milioni 33.5. Sasa hiyo milioni 76 na zaidi imetoka wapi? Imetoka kwenye thamani ya mwisho, yaani kila kitu baada ya mwaka wa tano kimefungwa kwenye namba moja:

```
10 × 1.08 / (0.15 − 0.08) = 154
```

Hiyo 154 akairudisha leo ikawa 76.7. Angalia hapo chini ya mstari, 15 kutoa 8 ni 7 tu, ukigawa kwa kitu kidogo hivyo jibu linavimba. Halafu 8% ni ukuaji wa milele jamani, wakati kwenye karatasi yake yeye mwenyewe miaka mitano ya mwanzo hela haikui hata senti!

Na milele ya mashine gani? Nyundo zinaisha, chekecheke zinatoboka, mota inaungua. Ukitaka isage milele lazima kila mwaka utenge hela ya kubadilisha, nikaweka milioni 3, zikabaki 7. Ukuaji nikampa 3% kwa sababu bei ya kusaga nayo inapanda kidogo na mfumuko wa bei. Kwa 20% miaka mitano ikatoa kama milioni 21, thamani ya mwisho 17, jumla 38.

Binamu kaenda na hiyo 38, muuzaji kakasirika. Nimemwambia asibishane naye kuhusu 110, amuulize kitu kimoja tu, mota ya sasa ilinunuliwa lini.