Asilimia 67 kwenye ripoti, lakini inazima ikifika 28: betri ibadilishwe?

"Nimetoa ripoti ya betri ya kompyuta mpakato yangu kwenye Windows. DESIGN CAPACITY ni 50,000 mWh, FULL CHARGE CAPACITY ni 33,500 mWh, CYCLE COUNT ni 214. Nikipiga hesabu napata asilimia 67 ya uwezo wa kiwandani, lakini mashine inanizimikia ghafla ikiwa inaonyesha 28. Kuna wanaoniambia ninunue betri mpya, kuna wanaosema mizunguko 214 ni michache, niendelee nayo tu. Nimsikilize nani?"

Hawa wanaosema mizunguko ni michache wana hoja, ila wameishika upande mmoja. Mzunguko mmoja ni jumla ya matumizi yanayofikia betri nzima: ukitumia asilimia 40 leo na 60 kesho, umemaliza mmoja, hata kama chaja umeichomeka mara tano. Betri nyingi za kompyuta mpakato hutarajiwa kuhimili mizunguko kati ya 300 na 500 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 hivi, na zipo zinazotengenezwa kufikia 1,000. Kwa kipimo hicho, 214 si mingi. Lakini mizunguko huhesabu kazi tu, haihesabu umri wala joto. Betri inayokaa kwenye chaja mchana na usiku, imejaa pomoni na mashine ina moto, huchakaa bila kuongeza mzunguko hata mmoja. Niliwahi kuwa na mashine iliyokaa mezani miaka mitatu ikiwa kwenye chaja; ripoti yake ilikuwa na mizunguko 41 na uwezo wa asilimia 58. Kwa hiyo mizunguko mingi ni dalili ya uchakavu, lakini michache si cheti cha uzima. Na ukikuta alama ya "-" mahali pa namba, maana yake betri haikutoa taarifa hiyo.

Wanaosema nunua nao wanaegemea ile 67. Peke yake isingenitoa kwenye kiti. Kama mashine inakula wati 10, betri iliyokuwa inadumu saa tano sasa ingedumu saa tatu na dakika ishirini, na kwa mtu anayefanya kazi karibu na umeme hilo si tatizo. Mimi ningesubiri. Kinachonibadilisha mawazo ni ile 28.

Namba ya FULL CHARGE CAPACITY si kitu kilichopimwa kama maji kwenye ndoo. Ni makisio ya chipu iliyo ndani ya betri, ambayo huhesabu umeme unaoingia na kutoka, kisha hujisahihisha pale betri inapojaa kabisa na inapokwisha kabisa. Asiyeiacha ikaisha kamwe huinyima chipu nafasi ya kujisahihisha, na makisio huanza kuteleza, juu au chini.

Toa ripoti upya mara tu baada ya mashine kukuzimikia na kuwaka tena:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri yenyewe itakuambia faili imehifadhiwa wapi. Shuka hadi sehemu ya "Recent usage" utafute mstari wa mwisho kabla ya kuzima. Kwa namba zako utasoma takriban 9,380 mWh, yaani asilimia 28 ya 33,500. Ziondoe: 33,500 toa 9,380 inabaki 24,120. Huo ndio umeme uliofanikiwa kuutumia, na ukiulinganisha na 50,000 za kiwandani ni asilimia 48, si 67. Kwa wati 10 ni kama saa mbili na dakika ishirini na tano.

Swali linabaki: zile 9,380 zimo ndani zimekwama, au ni hewa? Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ripoti haitakujibu.

Huenda ni hewa. Chipu inaamini betri ni kubwa kuliko ilivyo, basi umeme unakwisha huku kioo kikiendelea kuahidi. Au huenda umo, ila betri haiwezi kuutoa kwa kasi. Seli zikizeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Ukifungua video nzito mashine inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volteji inaporomoka, na mashine inakatika kana kwamba chaji imekwisha. Betri nyingi zina seli zilizounganishwa kwa mfuatano, hivyo moja dhaifu inatosha kuziangusha zote.

Kutofautisha ni rahisi. Ikizima, usichomeke chaja. Subiri dakika kumi na tano, iwashe, punguza mwanga wa kioo na ufanye kazi nyepesi tu, kama kuandika. Ikiendelea nusu saa au zaidi, umeme ulikuwemo na tatizo ni ukinzani. Ikikata tena baada ya dakika mbili tatu, au isiwake kabisa, zile asilimia 28 zilikuwa hewa.

Zikiwa hewa, wa kusubiri wanapata nguvu. Ijaze hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili, kisha itumie kwa kazi nyepesi hadi izime yenyewe, halafu ijaze tena bila kukatiza. Baada ya kurudia mara moja au mbili, ripoti inaweza kushuka hadi karibu na 24,000. Usishtuke: hujaiharibu betri, imeanza kusema kweli, na onyo la chaji kuisha sasa litakuja kabla ya kuzima. Saa mbili na nusu zikikutosha, baki nayo. Ila zoezi hili si la kila wiki, maana kumaliza chaji kabisa nako kunachosha betri.

Ukiwa ni ukinzani, zoezi hilo halitasaidia kitu. Unaweza kuweka hali ya kuokoa umeme na kuepuka kazi nzito ukiwa mbali na soketi, lakini kizingiti cha kuzima kitapanda taratibu, 28 leo, 40 baadaye. Anayehifadhi kazi kwenye mashine inayokatika bila taarifa anacheza na mafaili yake. Hapo ningebadilisha, hata kama ripoti ingesema 75.

Na kuna jambo moja linalofuta mjadala wote huu: padi ya kuongozea kishale iliyo chini ya kibodi ikinyanyuka, au mfuniko wa chini ukiacha mwanya, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi. Ripoti haioneshi uvimbe.

Hofu ya wanaosita kununua nayo ina msingi, kwa sababu betri mpya inaweza kuwa mbovu kuliko ya zamani. Ukishaifunga, toa ripoti siku hiyohiyo. DESIGN CAPACITY ilingane na iliyoandikwa kwenye lebo, FULL CHARGE CAPACITY iwe karibu nayo au juu kidogo, na mizunguko iwe sifuri au michache sana. Chipu inaweza kudanganywa, hivyo itumie pia hadi chini ya asilimia 10 ukiwa na saa mkononi. Iliyoandikwa 50,000 mWh ikikata baada ya saa mbili na nusu kwa wati 10, irudishe ulikoinunua.