Usitoe bei ya kichwa kabla hujajua vichwa ni vingapi

Wiki iliyopita dereva mmoja wa hapa Arusha alikatwa posho aliyokwisha kuahidiwa. Kosa lake halikutajwa kwa sababu halikuwepo. Kampuni ilikuwa imeuza safari ya kundi kwa bei ya watu 6, wakaja 4, na mwenye ofisi akaanza kutafuta mahali pa kubana. Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu hasara hiyo ilikuwa imeshaandikwa siku bei ilipotumwa kwa mteja.

Tuchukue safari ya siku 3: Tarangire, Ngorongoro, Manyara, kulala Karatu usiku 2. Hesabu ni za mfano, kwa dola. Wewe weka viingilio vya msimu wako. Kila mgeni ana gharama zake mwenyewe: viingilio pamoja na VAT 190, malazi na chakula 180, lanchi boksi na maji 30. Jumla 400. Mgeni asipokuja, hizo 400 hazitoki mfukoni mwako, alimradi hujazilipia mapema.

Upande wa pili kuna gharama zisizojali nani kaja. Gari, mafuta na mshahara wa dereva kwa siku 3 ni 750. Ada ya kuteremka kreta hulipwa kwa gari, si kwa mtu: 250, ukiongeza VAT ni 295. Posho na malazi ya dereva, pamoja na kiingilio cha gari, tuseme 95. Jumla 1,140. Landkruza ikiteremka kreta na mgeni mmoja au sita, 295 ni ile ile.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanagawa 1,140 kwa 6, wanapata 190, wanajumlisha na 400, wanapata 590, kisha wanaiona hiyo 590 kama gharama ya mtu popote na wakati wowote. Siyo. Ni gharama ya mtu aliyeketi kwenye gari lililojaa. Wakiwa 4, kila mmoja anabeba 285 ya gari na gharama yake inapanda hadi 685. Wakiwa 3 ni 780. Yule aliyeuza kwa 708 akitegemea sita, kwa wanne anabakiwa na dola 92 kwa safari nzima, na kwa watatu amepoteza 216. Hapo ndipo posho ya dereva inapoanza kutazamwa.

Na asidhani mtu kwamba kundi likikua bei lazima ishuke. Kama gari lako unaliuza kwa viti 6 vya dirishani, mgeni wa saba anakuletea gari la pili, dereva wa pili na ada ya pili ya kreta. Gharama zisizobadilika zinakuwa 2,280, ukigawa kwa 7 ni karibu 326 kila mmoja. Watu saba ni ghali kuliko sita! Wakifika wanane mnarudi kwenye 285, sawa kabisa na wanne.

Hiyo 708 nayo ilitoka wapi? Kwenye 590 mara 1.2, na mwenye nayo anasema anapata faida ya asilimia 20. Hapati. Dola 118 kati ya 708 hazifiki hata asilimia 17 ya mauzo. Ukitaka asilimia 20 ya bei ya kuuzia, gawa gharama kwa 0.8: unapata karibu 738. Na humo ndimo zinamotoka pango la ofisi, leseni, kamisheni ya wakala na makato ya benki.

Halafu kuna kiongozi wa kundi anayeomba kwenda bure. Mpe, lakini zile 400 zake lazima mtu azilipe. Watu 6, mmoja bure: jumla ya gharama ni 3,540, walipaji 5, kila mmoja 708. Uliyeuza kwa 708 umefanya kazi ya siku tatu bila kubakiwa na kitu.

Najua mteja anataka namba moja, na jirani yako ataitoa haraka na kwa bei ndogo. Nakubali, baadhi ya wateja watakwenda kwake. Hata hivyo, andika bei kwa idadi: watu 6 dola 738, watu 5 dola 785, watu 4 dola 856, watu 3 dola 975. Chini yake andika tarehe ya mwisho ya kuthibitisha idadi, na kwamba baada ya hapo bei inafuata watakaokuwa wamelipa. Malazi hapo ni ya wawili chumba kimoja, kwa hiyo anayelala peke yake aongezewe tofauti anayotoza hoteli. Na posho ya dereva itoke ofisini kabla gari halijawashwa.