Kujiunga dakika moja, kujitoa mpaka posta

Yaani kujiunga na hizi huduma za kulipia kila mwezi unabonyeza tu kwenye simu, ila ukitaka kusitisha huduma kampuni inakwambia eti andika barua, tuma kwa posta au uje ofisini mwenyewe. Alafu notisi ni siku 30, na ukisoma mkataba vizuri unakuta zinahesabiwa tangu siku WALIYOPOKEA, sio uliyotuma, kwa hiyo barua ikichelewa njiani ni mwezi mwingine unakatwa hela! Na ukituma kwa stempu ya kawaida wakisema haijafika huna pa kushika, ndo maana mi natuma rejista na naomba ile kadi ya kuthibitisha kupokelewa, inarudi na sahihi yao na tarehe. Hata hivyo risiti ya posta inaonyesha umetuma kitu, haionyeshi kilichoandikwa ndani, so piga picha barua ikiwa na tarehe na namba ya akaunti, na namba ya rejista iandike humo humo kwenye barua. Ukienda ofisini nenda na nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Yule wa kaunta atakwambia "acha tu hapo tutashughulikia". Usiondoke bila muhuri.