Sauti ya Kizungu, sauti ya Kiswahili, na ile "h" inayopotea

"Nimepoteza macho mwaka jana. Niko Lamu, naoka mahamri, na wateja huniagizia kwa meseji. Simu inanisomea kwa sauti ya Kizungu, na kijana aliyeniwekea ameniambia niizoee, kisha niongeze kasi. Niizoee, au nitafute sauti ya Kiswahili?"

Dada yangu, kijana huyo hakukosea kote. Mimi niko Malindi, TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, ndiyo macho yangu kwa miaka sasa, na zamani nilikuwa upande wake. Sauti ya Kizungu unaikuta kwenye simu tayari, na menyu, vitufe na meseji za benki kwa kawaida ni Kizungu. Ukiweka sauti ya Kiswahili bila kugusa kitu kingine, Save itasomwa "sa-ve" na Home "ho-me", nawe utaona bora ya jana. Wengi hukata tamaa hapo na kuilaumu sauti, kumbe kilichobaki ni lugha ya simu yenyewe. Ibadilishe nayo iwe Kiswahili, na menyu nyingi zitageuka. Meseji za benki ndizo zitakazobaki na matamshi ya ajabu, ila hizo hufuata mtindo mmoja kila siku na utazizoea kwa wiki.

Sasa tazama gharama ya upande wa pili. Mteja akikuandikia "mke wake mgonjwa, pole", sauti ya Kizungu husoma "weik" na "poul". Neno moja moja utalikisia. Lakini kukisia kunachukua muda, na mtu anayekisia hawezi kuongeza kasi. Kwa hiyo ushauri wa kijana unajipinga wenyewe: anataka uende mbio kwa sauti inayokulazimisha kusimama.

Hata kwa sauti ya Kiswahili, kasi ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa lugha yetu. Kizungu kikikanusha huweka neno zima la kukanusha. Sisi tunabandika silabi mwanzoni, na wakati mwingine tofauti yote ni herufi moja: "atalipa kesho" na "hatalipa kesho". Ile "h" ni pumzi tu. Kasi ikizidi, au tuktuk ikipita hapa kwangu, imekwenda. Mtu akutumie sentensi hizo mbili. Sikiliza, ongeza kasi kidogo, sikiliza tena. Pale utakaposhindwa kujua nani analipa, rudi nyuma hatua mbili, uache hapo hata kama wenzio wanajigamba kwamba wao wanaenda mara mbili yako.

Ukiwa na kifaa cha masikioni cha Bluetooth, jihadhari zaidi. Baadhi yake husinzia sauti ikinyamaza, na inaporudi humeza kipande cha mwanzo, yaani pale pale ilipo "h". Mimi nilipeleka mzigo kwa mtu aliyeandika "hatanunua". Nilirudia meseji ile kwa waya, nikaisikia vizuri kabisa.

Kupandisha au kushusha wimbo wa sauti hakutaokoa hiyo "h", maana pumzi haina wimbo. Spika ndogo ya simu husikika vizuri zaidi sauti ikipanda kidogo. Zaidi ya hapo ni suala la kupenda.

Vyote hivi viko kwenye Settings, kisha Accessibility, TalkBack, Settings, Text-to-speech settings. Kasi ni Speech rate, wimbo ni Pitch. Sauti ya Kiswahili ya Google hupakuliwa kwenye mipangilio ya injini, penye Install voice data. Ipakue ukiwa na mtandao mzuri. Ina sauti karibu na ya mtu. Nyingine ni eSpeak NG, ile ile inayokuja na NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta: inakwaruza kama redio ya zamani, lakini ni nyepesi, inajibu papo hapo, na kasi ikipanda silabi zake hazigandamani. Kwa meseji za wateja ningekupa ya Google. Kwa kusoma habari ndefu mimi hutumia eSpeak, na nyumbani wananicheka.

Zote mbili zitakusomea Kiamu chako bila taabu. Ukiandikiwa "ndia" au "yuu", zinatamka herufi zilizopo, hazikusahihishi.

Jambo moja hakuna sauti itakayokufanyia. Mteja akiandika "boti ya Mokowe 10:30", utasikia kumi na thelathini, na sikio la Mswahili litakwenda kwenye saa kumi na nusu jioni. Huenda yeye alikuwa na maana ya saa nne na nusu asubuhi. Kwa oda za mahamri, waambie waandike saa kwa maneno.